Barua ni ya msambazaji kweli, lakini akaunti je?

*Msambazaji tuliyefanya naye kazi miaka minne ametuma ankara ya mzigo tuliokwisha kupokea. Kila kitu kiko sawa ila namba ya akaunti ni mpya. Anwani ya barua pepe nimeikagua herufi kwa herufi, ni yake, na barua imekuja ndani ya mazungumzo yetu yaleyale ya siku zote. Nilimwandikia kuuliza, akajibu baada ya dakika kumi kwamba wamehamia benki nyingine, akaambatisha na barua ya benki. Mkurugenzi anataka nilipe leo kwa sababu siku ya mwisho ni kesho. Uthibitisho huu unatosha? Kama hautoshi, nifanye nini?*

Usilipe bado. Mwambie mkurugenzi unahitaji simu moja tu, na kwamba huenda ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Kampuni hubadili benki kila siku na inawezekana kabisa msambazaji wako ni mmoja wao, lakini hadi sasa huna hata ushahidi mmoja wa jambo hilo. Barua ya kwanza, jibu la dakika kumi na ile barua ya benki vyote vimepita mlango mmoja. Ulimuuliza aliyeandika barua kama barua yake ni ya kweli. Awe ni msambazaji au tapeli, jibu lingekuwa hilohilo.

Watu wengi wakisikia ankara bandia hufikiria anwani iliyogeuzwa kidogo, kama herufi m iliyobadilishwa kuwa r na n zilizobanana, au `.com` iliyogeuka `.co`. Utapeli wa namna hiyo upo, na ukaguzi wako wa herufi kwa herufi ungeunasa. Wewe umekutana na kitu kinachoweza kuwa kigumu zaidi, yaani mtu aliyeingia ndani ya kikasha halisi cha barua pepe cha msambazaji na anaandika kutoka humo. Hapo anwani ni ya kweli na mazungumzo ni ya kweli. Hata salamu za mwisho ni zile unazozijua. Kilichobadilika ni mtu aliyekaa kwenye kibodi.

Nieleze kesi moja niliyoitwa kuichunguza, maana inafanana na yako mno. Kampuni moja ilikuwa ikinunua vipuri vya pampu kutoka kwa muuzaji wa nchi nyingine. Ofisa mauzo wa yule muuzaji alitumiwa kiungo cha kufungulia waraka, akakibonyeza, ukurasa ukamwomba nenosiri la barua pepe, akaliandika. Hakuwa na uthibitishaji wa hatua mbili, hivyo nenosiri peke yake lilitosha. Aliyelipata akaingia na kukaa kimya wiki tatu. Hakuandika hata neno moja. Alisoma: nani ananunua nini, nani analipa, ankara hutoka siku gani, mhasibu wa upande wa pili huandika kwa lugha gani.

Kisha akatengeneza kanuni ndani ya kile kikasha: kila barua inayotoka kwa mnunuzi huyu iwekewe alama ya kusomwa na ihamishwe kwenye folda ya `RSS Feeds`. Folda hiyo ipo kwenye Outlook za watu wengi na karibu hakuna anayeifungua. Tangu hapo ofisa mauzo hakuona tena barua ya mteja wake, wala hakushtuka, kwa sababu wateja wengine walikuwa wakiandika kama kawaida.

Ankara halisi ya dola 46,200 ilitoka siku ya Jumanne. Jumatano asubuhi ikafuata nyingine yenye maneno "tafadhali tumia hii iliyosahihishwa". Ilikuwa ni PDF ileile, namba ileile ya ankara, jumla ileile. Mistari miwili tu ilibadilika, jina la benki na namba ya akaunti. Mhasibu alikuwa mtu makini, akajibu barua kuuliza. Barua yake ikaangukia kwenye folda iliyofichwa, na tapeli akaijibu kwa robo saa, tena akamshukuru kwa umakini wake. Shukrani ile sijaisahau hadi leo. Malipo yakatoka Alhamisi. Baada ya siku 19 ofisa mauzo akapiga simu kuulizia pesa zake, na hiyo ndiyo ilikuwa simu ya kwanza katika jambo lote.

Sasa rudi kwenye barua yako. Unaweza kufungua vichwa vyake kamili, yaani taarifa za kiufundi za ilikotoka na ilikopita (kwenye Gmail ni `Show original`) na utakutana na mistari ya namna hii:

```
From: mauzo@mfano.example
Reply-To: mauzo@rnfano.example
Authentication-Results: spf=pass dkim=pass dmarc=pass
```

Ukiona `Reply-To` inapeleka majibu kwenye anwani nyingine, kama hapo juu, kazi imekwisha. Hiyo ni ishara mbaya na usilipe. Lakini mstari wa tatu huwadanganya hata watu wa TEHAMA. `pass` hizo zinasema tu kwamba barua imetoka kwenye mitambo inayoruhusiwa na kikoa kilichoandikwa. Tapeli aliyeingia kwenye kikasha halisi anatuma kupitia mitambo hiyohiyo, kwa hiyo anapata `pass` zote tatu. Hata aliyesajili kikoa kinachofanana anaweza kupata `pass` zote kwa kikoa chake mwenyewe. Ukaguzi wa vichwa unaweza kukuambia barua ni ya uongo. Hauwezi kukuambia namba ya akaunti ni ya kweli. Nimeona wahasibu wakipoteza nusu siku kwenye mistari hiyo wakati simu ipo mezani.

Kwa hiyo tuje kwenye simu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu huipiga vibaya.

La kwanza ni namba unatoa wapi. Usiitoe kwenye ankara hii wala chini ya sahihi ya barua hii. Usiitoe pia kwenye barua za mwezi uliopita ndani ya mazungumzo hayohayo, kwa sababu aliyekaa humo wiki tatu alikuwa na muda wa kugeuza tarakimu moja kwenye sahihi. Chukua namba iliyo kwenye mkataba mliosaini, au kwenye fomu aliyojaza mlipomsajili, au ile uliyowahi kuipiga mwaka jana ukaongea na mtu unayemfahamu. Na kama hujui ni kikasha cha nani kilichoingiliwa, chake au chenu, usiamini hata orodha ya mawasiliano iliyo ndani ya barua pepe yako. Karatasi ya faili inashinda.

La pili ni nani unaongea naye. Ofisa mauzo ni mtu mzuri wa kuanza naye, lakini mara nyingi hajui namba za akaunti za kampuni yake. Ukimuuliza kama wamebadili benki atasema "nadhani ndiyo, wahasibu walikuwa wanazungumzia jambo hilo", nawe utaondoka na "ndiyo" isiyo na uzito. Mwombe akuunganishe na mhasibu wao kupitia simu ya ofisi. Usikubali akutumie namba ya mhasibu kwa barua pepe, maana hapo mtarudi kwenye mlango uleule.

La tatu, na hili ndilo hukosewa zaidi: usimsomee namba ya akaunti. Ukimsomea tarakimu 12 mtu mwenye shughuli zake, atasema "ndiyo, ndiyo" kabla hujafika mwisho. Mwambie akusomee yeye, wewe ukiwa na ankara mbele yako, ukifuatisha kwa kalamu. Muulize pia akaunti ya zamani imefungwa au bado inafanya kazi, na mabadiliko yalianza tarehe gani. Mtu wa kweli anayajibu haya bila shida. Na kama hawajabadili chochote, hutafika hata kwenye tarakimu ya kwanza, utasikia ukimya, kisha "ankara gani hiyo?"

Wakati mwingine simu inakuja yenyewe. Umeandika barua kuuliza, na baada ya nusu saa mtu anapiga akijitambulisha kuwa ni mhasibu wa msambazaji. Jina la kampuni linaweza hata kuonekana kwenye kioo cha simu, kwa sababu namba ya mpigaji inaweza kughushiwa, na siku hizi sauti pia inaigizwa kwa kompyuta. Mshukuru, kata, kisha piga wewe kwa namba ya kwenye faili. Asiye tapeli hataudhika.

Ukimaliza, andika mambo machache na uyaambatishe kwenye ankara: saa na tarehe, namba uliyopiga na ulikoitoa, uliongea na nani, nani alipiga. Ni mistari mitatu tu. Wakija wakaguzi wa hesabu, au likitokea la kutokea, mistari hiyo inaonyesha kwamba hukulipa kwa mazoea.

Na wasipopokea simu? Ankara inasubiri. Kama kesho inawatisha sana, ipo njia ambayo wengi hawaifikirii: akaunti ya zamani, ile mliyoilipa miaka minne bila lalamiko, bado ndiyo pekee mliyonayo yenye ushahidi. Kwa ridhaa ya mkurugenzi mnaweza kulipa huko. Kama imefungwa, pesa kwa kawaida hurudi baada ya siku kadhaa na makato ya benki kidogo. Mimi binafsi ningesubiri simu, lakini kati ya makosa mawili hilo linarekebishika.

Sasa ile barua ya benki. Ina nembo, muhuri na sahihi, na nakuhakikishia mtu anayejua kuhariri picha huitengeneza kwa muda wa kunywa chai. Namba ya simu iliyo chini yake, ukiipiga, itapokelewa na mtu mwenye adabu nyingi. Kama mnataka barua ya benki iwe na maana, iombeni wakati wa kumsajili msambazaji, na hata hapo ihakikiwe kwa njia nyingine.

Malipo ya majaribio nayo hupewa sifa yasizostahili. Watu hutuma dola moja, inafika, wanatuma zilizobaki. Kufika kwake kumeonyesha tu kwamba akaunti ipo, na akaunti ya tapeli ipo pia. Jaribio lina faida pale tu unapotuma kiasi kisichobashirika, tuseme dola 7.43, bila kukitaja popote, kisha ukampigia msambazaji kwa namba ya zamani na kumwomba akutajie kilichoingia. Asiyejua kilichoingia si mwenye akaunti.

Halafu kuna jina. Wengi wanaamini benki italinganisha jina la mpokeaji na namba ya akaunti, na vikitofautiana pesa itarudi. Katika malipo mengi, hasa ya kuvuka mipaka, mfumo unafuata namba na jina haliangaliwi. Uingereza ilianza ukaguzi wa jina kwenye benki zake kubwa mwaka 2020, na nchi za eneo la yuro zimeulazimisha kwa malipo ya yuro tangu Oktoba 2025. Benki yenu ikitoa huduma hiyo, itumieni, lakini jina likilingana msilale. Evaldas Rimasauskas, raia wa Lithuania aliyehukumiwa New York mwaka 2019 kifungo cha miaka 5, alizilaghai Google na Facebook zaidi ya dola milioni 120 kati ya 2013 na 2015. Hakuvunja mfumo wowote wa benki. Alisajili Latvia kampuni yenye jina sawa na la Quanta Computer, mtengenezaji wa Taiwan aliyekuwa akiziuzia kampuni hizo vifaa, akafungua akaunti Latvia na Cyprus kwa jina hilo, akatuma ankara. Jina lililingana barabara.

Katika kesi ile kulikuwa na jambo moja la kuonekana kwa macho: mtengenezaji wa Taiwan analipwa Latvia. Hilo nawe unaweza kuliangalia sasa hivi kwenye ankara yako. Katika msimbo wa SWIFT, herufi ya tano na ya sita ndizo nchi ya benki; katika IBAN ni herufi mbili za mwanzo. Zikionyesha nchi ambayo msambazaji wako hana ofisi wala tawi, hiyo peke yake ni sababu ya kusimamisha malipo. Zikionyesha nchi yake, hujathibitisha chochote. Matapeli hukodi akaunti za watu ndani ya nchi pia. Tarakimu za ukaguzi za IBAN nazo hushika makosa ya kuandika tu. Akaunti ya tapeli imeandikwa sawasawa.

Mkishamaliza hili la leo, kuna jambo moja la utaratibu ningependa ulipeleke kwa mkurugenzi, nalo si kununua programu. Tenganisheni kubadili taarifa za msambazaji na kulipa ankara. Kwa sasa nadhani wewe ndiye unayepokea barua, unabadili namba kwenye mfumo na kuandaa malipo. Maana yake tapeli anahitaji kumshawishi mtu mmoja, siku moja ya haraka. Badala yake, namba mpya iingizwe na mtu mwingine, baada ya kuona ile mistari mitatu ya simu, na mtu wa pili aidhinishe. Ankara yoyote inayokuja pamoja na akaunti mpya isilipwe siku hiyohiyo, hata ikiwa ya dola 200. Kwenye mkataba mpya wekeni kifungu kinachosema mabadiliko ya akaunti hayatambuliwi hadi yathibitishwe kwa simu kwa watu wawili waliotajwa humo. Kifungu hicho kitakusaidia siku mkurugenzi akisema "lipa leo", kwa sababu utakuwa unamwonyesha mkataba, hubishani naye.

Kama unasoma haya na umeshalipa, acha kusoma na upigie benki yenu, kitengo cha udanganyifu, sasa hivi. Waombe warudishe malipo na wawasiliane na benki iliyopokea ili izuie salio. Kwa malipo ya kimataifa omba nakala ya ujumbe wa malipo, yaani `pacs.008` ambayo tangu Novemba 2025 imechukua nafasi ya `MT103`, na namba ya ufuatiliaji inayoitwa `UETR`, maana kwa namba hiyo benki zinaweza kuona pesa zimefika wapi. Elewa pia kwamba ombi la kurudisha ni ombi tu. Benki ya upande wa pili haiwezi kurudisha kisichokuwepo, na matapeli huanza kuhamisha mara tu pesa zinapoingia. Ndiyo maana wanapenda sana Ijumaa jioni. Ripoti polisi siku hiyohiyo, kwa sababu benki nyingi hudai namba ya ripoti kabla ya kushikilia akaunti ya mtu kwa muda mrefu. Katika ile kesi ya vipuri, baada ya siku 19, hakukuwa na cha kushikilia.

Turudi kwako. Tuseme umepiga simu na mhasibu wao akasema hawajabadili kitu. Usimjibu tapeli, wala usimtukane, hata kama ulimi unawasha; akijua amegunduliwa atafuta kanuni zake na kuondoka na ushahidi. Mwambie msambazaji kwa simu, si kwa barua, abadili nenosiri, aondoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, awashe uthibitishaji wa hatua mbili na akague kanuni zilizomo. Nenosiri jipya peke yake halitoshi, kwa sababu kanuni ya kuhamisha barua hubaki hata baada ya nenosiri kubadilika. Nawe fanya ukaguzi huohuo upande wenu, maana huenda mgonjwa ni ninyi: kwenye Outlook angalia `Rules`, kwenye Gmail angalia `Filters and Blocked Addresses` pamoja na `Forwarding and POP/IMAP`. Ile barua usiifute wala usiisambaze kwa kuipeleka mbele, kwa sababu vichwa vyake havifiki pamoja nayo. Ipakue kama faili la `.eml` ulihifadhi. Kisha mwombe mhasibu wao athibitishe, kwenye simu hiyohiyo, kwamba akaunti ya zamani bado inatumika, na ulipe huko kabla ya kesho jioni.